Kistari kinachopotea: kusoma lebo ya sweta la sufu kwenye picha ya simu

Wifi yangu anaishi Njombe, na mwezi wa Juni Njombe hakuna anayelidharau sweta. Alilipata la sufu kwenye mitumba, rangi ya chai ya maziwa, vifungo vya mbao, halina tundu hata moja. Jioni akanitumia picha ya lebo kwa WhatsApp na ujumbe mmoja: "Wifi, hili nalifuaje? Nimeona 30 na alama ya kamba. Nililoweke usiku huu?"

Nikamwambia asiloweke kitu mpaka tuisome ile picha pamoja. Miaka ya nyuma niliwahi kuloweka sweta la sufu usiku kucha kwenye sabuni ya unga, asubuhi nikalifikicha vizuri kama navyofikicha mashuka, na lilipokauka likamtosha mtoto wa miaka sita. Lebo yake ilikuwa imesema kila kitu. Mimi nilikuwa nimesoma namba tu.

Picha ya wifi ilikuwa ya kawaida kabisa, kama zile tunazotumiana kila siku. Lebo nyeupe ya satini iliyoshonewa kwenye mshono wa ubavuni, imelala upande, na taa ya simu imeacha doa jeupe katikati. Alama zilipangana kutoka chini kwenda juu: beseni lenye 30 ndani yake, pembetatu yenye mkato wa X, mraba wenye duara ndani yake nao umekatwa X, mraba mwingine wenye mstari, pasi yenye nukta moja, na mwisho duara lenye herufi P. Juu yake kulikuwa na maneno yaliyofifia, WOOL 80%, NYLON 20%.

Alama hizi hazikubuniwa na kila kiwanda kivyake. Mazungumzo ya kutafuta lugha moja ya picha yalianzia Paris mwaka 1958, na mwaka 1963 ukaundwa muungano unaoitwa GINETEX ambao mpaka leo ndio wenye haki ya alama hizo. Kiwango cha kimataifa kinachozieleza ni ISO 3758. Maumbo ya msingi ni matano tu: beseni ni kufua kwa maji, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni kazi ya fundi wa drai klina. Kila mtu anaweza kuyakariri kwa dakika moja. Ndiyo maana watu wengi huishia hapo, wakidhani wameshajua kusoma.

Yanayoharibu nguo ni mambo madogo yaliyobandikwa kwenye maumbo hayo: kistari kimoja au viwili chini ya beseni, mstari ndani ya mraba na umelala upande gani, nukta ngapi zipo kwenye pasi. Na hayohayo madogo ndiyo picha ya simu huyapoteza kwanza. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi. Beseni kubwa litabaki beseni, lakini vistari viwili vilivyokaribiana vitaungana kuwa kimoja, au vitakuwa kivuli tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza alama inasema nini, uliza kwanza picha imesimama au imelala.

Picha ya wifi ilikuwa imelala. Lebo za ubavuni ndivyo zilivyo: ukilishika sweta mkononi, lebo inatoka kwa pembeni, unaipiga hivyohivyo. Namba 30 aliisoma kwa kuinamisha kichwa. Mraba hakuuinamishia kichwa, maana mraba ni mraba tu, ukiugeuza haubadiliki. Ila mstari ulio ndani yake unabadilika. Mstari mmoja uliosimama ndani ya mraba maana yake ni anika kwenye kamba. Mstari mmoja uliolala maana yake ni tandaza chini, usining'inize. Zungusha picha robo mzunguko na amri moja inageuka kuwa nyingine kinyume chake, na hakuna kitu kwenye mraba wenyewe kitakachokushtua.

Cha kukusaidia ni majirani zake. Beseni lina mdomo, na mdomo wa beseni hukaa juu. Pasi ina uso wa chini ulionyooka, na uso huo hukaa chini. Kwenye picha ya wifi, mdomo wa beseni ulielekea kushoto na pasi ilikuwa imesimama kwa pua. Nikaizungusha picha kwenye simu mpaka beseni likakaa sawa na pasi ikakanyaga chini, ndipo nikautazama tena ule mraba. Mstari ulikuwa umelala. Ile "kamba" aliyoiona wifi ilikuwa ni amri ya kutandaza.

Kama angelianika kwenye kamba, sufu iliyolowa ingefanya kazi ya ndoo. Uzi wa sufu hunywa maji mengi, na sweta lililolowa huwa zito kuliko unavyotarajia. Uzito wote huo ungening'inia kwenye mabega mawili yenye vibanio. Mikono ingerefuka, kiuno kingeshuka, na mabega yangeota vichuguu viwili ambavyo pasi haiviondoi.

Mpangilio nao husaidia. Alama hufuatana hivi: kufua, kung'arisha, kukausha, pasi, drai klina. Ukiona safu imeanza na duara na kuishia na beseni, ama picha imepinduliwa juu chini, ama imepigwa kwa kamera ya mbele ambayo simu nyingine huigeuza kama kioo. Tazama herufi: P iliyoangalia kinyume itakwambia ni kioo.

Nikamwomba wifi apige tena, mara hii kwa utaratibu. Azime taa ya simu, maana satini inang'aa na inarudisha mwanga. Aende dirishani mchana, mwanga uje kwa ubavu. Achomeke kitu cheusi nyuma ya lebo, hata soksi, kwa sababu lebo nyepesi imechapwa pande mbili na maandishi ya nyuma huchungulia mbele yakazua vistari visivyokuwepo. Anyooshe lebo kwa vidole viwili kwenye ncha zake bila kufunika chochote. Asisogeze simu karibu sana mpaka picha ikaingia ukungu. Awe mbali kidogo, kama urefu wa kiganja, kisha avute picha. Na wakati wa kutuma achague HD, au aitume kama faili, isibanwe.

Picha ya pili ilikuja kesho yake saa nne asubuhi. Chini ya beseni, pale ambapo jana niliona kitu kama uzi wa mshono, palikuwa na vistari viwili.

Namba 30 ndani ya beseni ni joto la juu kabisa la maji linaloruhusiwa. Hilo ni neno la kushikilia: alama zote hizi zinataja kikomo, hazitaji shabaha. Hakuna anayekulazimisha ufike 30. Maji ya 22 ni halali kabisa. Kwa sisi tunaofua kwa ndoo, hatari ya joto haitoki kwenye mashine. Hutoka kwenye simtanki jeusi lililokaa juu ya paa tangu asubuhi. Saa nane mchana Dar es Salaam, bomba linaweza kukupa maji ya moto ambayo hukuyachemsha. Kama huna kipimajoto, chovya kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Mwili una nyuzijoto 37 hivi, kwa hiyo maji ya 30 kiwiko kitayaona ya ubaridi kidogo. Ukiyaona ya uvuguvugu mtamu, umeshapita.

Vistari viwili ndivyo vyenye uzito zaidi. Beseni bila kistari ni kufua kwa kawaida. Kistari kimoja ni kufua kwa upole. Viwili ni upole mkubwa sana. Kwenye mashine, hiyo ina maana ya nguo chache, maji mengi, pipa linalotikisika badala ya kuzunguka kwa nguvu, na kukamua kwa mwendo mdogo. Kwa mkono ina maana moja tu: usifikiche.

Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Sufu ni nywele za kondoo, na kila unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea upande mmoja. Nywele zikilowa na kusuguliwa, magamba hushikana. Unywele unaweza kusogea upande mmoja lakini haurudi, kwa sababu magamba ya jirani yake yanauzuia. Kila msuguo unaukaza zaidi. Joto na sabuni kali huyafumua magamba na kuharakisha kazi. Mwishoni unapata kitambaa kinene, kifupi, kigumu kama blanketi la farasi. Watu husema nguo "imerudi", na wengine hujaribu kuivuta irefuke. Haitarefuka ikabaki. Ile si nguo iliyojikunja. Imefungamana, na hakuna wa kuifungua.

Watu wengi hudhani kufua kwa mkono daima ni upole kuliko mashine. Sikubaliani nao. Mkono wa Kiswahili unajua kufua: unashika kola kwa huku na pindo kwa huku, unasugua mpaka povu linaruka. Mashine yenye mpango wa sufu hulitikisa sweta kama mtoto kwenye mbeleko. Lebo inayoonyesha beseni lenye mkono ndani yake inaruhusu maji mpaka 40, lakini inategemea mkono uliotulia. Kama hujiamini, chukulia mkono wako ni mashine isiyo na kitufe cha upole.

Kisha pembetatu. Pembetatu tupu ni ruhusa ya dawa yoyote ya kung'arisha. Pembetatu yenye mistari miwili ya mshazari ndani yake inaruhusu dawa zisizo na klorini tu. Iliyokatwa X inakataa zote, na kwa sufu na hariri X hiyo si ushauri wa tahadhari. Sufu na hariri ni protini, kama nywele na kucha zako, na klorini iliyomo kwenye jiki huila protini. Kwenye maabara za vitambaa, dawa ya jamii hiyohiyo ya jiki hutumika makusudi kuyeyusha sufu ili mpimaji aone nailoni au poliesta iliyobaki ni kiasi gani. Ukitaka kuhakikisha, chomoa kipande cha uzi kwenye mshono wa ndani, kitie kwenye kijiko cha jiki ukiache. Kitageuka njano, kitalegea, na kwa kuachwa vya kutosha sufu yake itaisha. Doa la chai kwenye sweta la wifi lisingestahili tone hata moja.

Kuna kitu lebo haikichori lakini kinatokana na mantiki hiyohiyo, nacho ni sabuni. Sabuni ya mche na sabuni nyingi za unga zina ukali wa magadi, na magadi huidhoofisha sufu taratibu. Tena baadhi ya sabuni za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, yaani damu, mayai, jasho. Kimeng'enya hakijui kutofautisha doa la yai na uzi wa sufu. Kama huna sabuni maalumu ya sufu, shampuu ya kawaida isiyo na mafuta ya kulainisha inafaa, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya nywele, na sufu ni nywele.

Kabla ya kuloweka nilimwambia wifi achukue tepu ya fundi. Sweta kavu, limetandazwa kitandani bila kuvutwa: urefu kutoka bega hadi pindo sentimita 62, upana wa kifua 48, mkono 57. Aandike kwenye karatasi. Bila namba hizo utalitandaza kwa kukisia, na sweta lililolowa hukubali umbo lolote unalolipa.

Pia ajaribu rangi. Lebo inaweza isiseme kama rangi inachuja. Mara nyingine kuna maneno pembeni ya kufua peke yake, lakini alama haipo. Kitambaa cheupe kilicholowa kidogo, kibonyezwe kwa nguvu kwenye mshono wa ndani kwa nusu dakika. Chake kilitoka cheupe.

Halafu kazi yenyewe. Beseni la maji lita sita hivi, ya bomba, kwa Njombe tatizo si joto bali baridi, akachanganya na ya moto kidogo mpaka kiwiko kikaona ubaridi mwepesi. Shampuu kijiko kimoja cha chakula, ikorogwe iyeyuke kwanza kabla nguo haijaingia. Sweta ligeuzwe ndani nje, vifungo vifungwe. Alizamishe na kulibonyeza kwa viganja, juu chini, maji yapite katikati ya nyuzi, kama unavyobonyeza sifongo bila kukisokota. Dakika tano zatosha. Jasho la kwapani abonyeze mara kadhaa zaidi palepale, asisugue.

Mtego mkubwa unakuja wakati wa kulitoa. Mtu hushika mabega na kulinyanyua, na uzito wote wa maji unalivuta. Amwage maji kwanza huku sweta limebaki ndani ya beseni, alibonyeze dhidi ya ukuta wa beseni, kisha alinyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyombeba paka aliyelala. Kusuuza mara mbili au tatu, kwa maji ya joto lilelile la kufulia. Kwenye maji ya mwisho akatia kijiko cha siki nyeupe, kuondoa mabaki ya ukali wa sabuni. Harufu huondoka likikauka.

Kukamua kwa kusokota ni marufuku hata kama lebo haijachora. Atandaze taulo kavu, juu yake sweta, avikunje pamoja kama mkeka, kisha apige magoti juu ya ule mviringo. Taulo linakunywa. Likilowa sana abadilishe la pili.

Sasa tunarudi kwenye ule mraba uliotaka kutuponza. Mstari mmoja uliolala: tandaza baada ya kuondoa maji. Ingekuwa miwili iliyolala, ingemaanisha tandaza likiwa linachuruzika, bila hata kulikamua kwa taulo. Iliyosimama inafuata kanuni hiyohiyo: mmoja ni kamba, miwili ni kamba na nguo ikichuruzika. Na kwenye kona ya juu kushoto ya mraba wakati mwingine kuna kistari au vistari vya mshazari, vidogo mno, ambavyo kwenye picha mbaya huonekana kama kona ya lebo iliyochakaa. Hivyo vinasema kivulini. Kwa nguo zetu zinazoanikwa jua la saa saba, nadhani hiyo ndiyo alama inayopuuzwa kuliko zote, hasa kwenye hariri na rangi nzito. Lebo ya wifi haikuwa nayo, lakini nilimwambia atandaze ndani tu. Kama nilivyosema, lebo inataja kikomo, na kukaa chini ya kikomo hakujawahi kuharibu sufu.

Ule mraba wa kwanza, wenye duara ndani na X, unakataza mashine ya kukaushia kwa hewa moto. Wengi wetu hatuna mashine hiyo na tunairuka alama. Mimi huisoma hata hivyo, kwa sababu ni ushahidi: nguo iliyokatazwa joto na kubingirishwa haitapenda kuanikwa juu ya jiko la mkaa pia, kama tunavyofanya wakati wa mvua. Nukta ndani ya duara hilo, zikiwepo, hutaja kiwango cha joto, moja kwa dogo na mbili kwa kawaida.

Usilichanganye na duara la mwisho, lile lililosimama peke yake. Lile si lako. P inamwambia fundi wa drai klina atumie dawa gani, F inamruhusu dawa za jamii nyepesi tu, na W inamwambia anaweza kuisafisha kwa maji, kwa utaalamu na vifaa vyake. W hii imewaponza wengi wanaodhani ni ruhusa ya kufua nyumbani. Ruhusa ya nyumbani hukaa kwenye beseni pekee. Beseni likiwa na X, hakuna maji ya nyumbani yanayokubalika, hata yawe ya upole namna gani, na hapo muulize huyo wa drai klina kabla hujamwachia nguo: "Mnatumia dawa au maji?" Vibanda vingi vyenye jina hilo vinafua kwa maji kama wewe, na vinapiga pasi vizuri zaidi yako.

Pasi ya nukta moja ni joto la chini kabisa, takriban nyuzijoto 110 hadi 120. Sufu tupu mara nyingi hupewa nukta mbili. Hapa imeshushwa, na ukitazama maneno ya juu utaona kwa nini: asilimia 20 ni nailoni, na nailoni ikizidiwa joto huyeyuka. Lebo hufuata kilicho dhaifu zaidi kwenye nguo, iwe uzi, kifungo au bitana. Kwa pasi ya mkaa ambayo haina kipimo, ningesema achana nayo kabisa. Ukilitandaza vizuri likiwa bichi, sweta halihitaji pasi.

Haya yote ni kwa lebo inayofuata mfumo wa GINETEX, na mitumba hutoka kila mahali. Nguo za Marekani hutumia nukta ndani ya beseni badala ya namba: moja ni 30, mbili ni 40, tatu ni 50. Kamba kwao ni mraba wenye upinde unaoning'inia juu kama kamba iliyolegea, na mistari mitatu iliyosimama ni kuchuruzika. Mstari uliolala una maana ileile. Nguo za Japani za kabla ya Desemba 2016 zina michoro yao ya zamani, ikiwemo shati dogo badala ya mraba wa kukaushia; baada ya hapo walihamia kwenye maumbo haya ya kimataifa. Ukiona shati kwenye lebo, ujue si kosa la uchapaji.

Na kuna lebo zisizostahili kuaminiwa. Nguo iliyopunguzwa na fundi inaweza kuwa na lebo iliyohamishwa kutoka kwenye nguo nyingine, na fundi hakumaanisha ubaya, alitaka tu kuficha mshono. Ukishuku, chomoa uzi mmoja kutoka ndani, ushike kwa kibano juu ya kisahani na uuguse kwa kiberiti. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Nailoni na poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Viskosi huwaka haraka kama karatasi na kunuka karatasi. Huyo naye mshughulikie kwa adabu, maana akilowa hulegea sana na huchanika kwa kukamuliwa, hata kama akikauka ni imara. Uzi wa wifi ulinuka nywele na kuacha mchanganyiko wa majivu na vipunje vigumu. Lebo ilikuwa yake.

Njombe kulikuwa na ukungu, sweta likachukua siku mbili kukauka juu ya taulo kwenye chaga ya kitanda kisichotumika, akiligeuza asubuhi na jioni. Likiwa bado bichi alipima: urefu 62, kifua 48, lakini mkono wa kulia ulikuwa 59. Alikuwa ameunyanyua peke yake wakati wa kusuuza, akasahau. Akausukuma kwa kiganja kutoka kwenye kiwiko kuelekea bega, polepole, mpaka tepu ikasoma 57, akauacha hapo.

Baadaye akanitumia picha nyingine, lebo ya blauzi ya hariri aliyoazimwa na jirani. Beseni lilikuwa limesimama wima, mwanga wa dirishani, soksi nyeusi nyuma yake. Kwenye kona ya juu kushoto ya mraba palikuwa na vistari viwili vya mshazari, na alikuwa ameshavizungushia duara jekundu.